Ndoto nzito kwa anayetumia propranololi: kusogeza saa, kuhamia atenololi, au kuacha kundi zima la dawa?

Mtu anayemeza propranololi kwa ajili ya kipandauso, presha au mapigo ya moyo yanayokwenda mbio anaweza, siku chache au wiki chache baada ya kuanza dawa, kuota ndoto ndefu, za wazi kuliko alivyozoea na mara nyingine za kutisha, akaamka katikati ya usiku akikumbuka kila alichokiona kana kwamba kimetukia kweli. Hilo ni mojawapo ya madhara yanayojulikana ya dawa zinazoitwa vizuia-beta, ambazo karibu zote utazitambua kwenye pakiti kwa sababu majina yake huishia kwa herufi «lol». Anayepatwa na hali hiyo ana njia tatu za kujadiliana na daktari wake: kubaki na dawa ileile lakini kuimeza mapema zaidi, kuhamia kizuia-beta kingine kisichoingia sana kwenye ubongo, au kuondoka kwenye kundi hilo na kutafuta dawa ya aina nyingine. Katika ulinganisho huu natoa nafasi kubwa kwa njia mbili za kwanza, kwa kuwa ndizo zinazowahusu wagonjwa wengi, na ndizo ninazoona zikichanganywa mara kwa mara.

Hapa Dodoma, na zaidi katika vijiji vya Chamwino, Bahi na Kongwa, ndoto ya namna hiyo haianzii hospitalini. Huanzia kwa mama mkwe, kwa shangazi au kwa mchungaji, na si ajabu ikaitwa jinamizi au ikadhaniwa kuwa kuna mtu mwenye nia mbaya. Simlaumu anayefikiri hivyo, kwa sababu aliyempa dawa huenda hakumwambia kwamba kidonge cha moyo kinaweza kugusa usingizi. Tatizo ni kwamba, katika kutafuta amani ya usiku, wapo wanaoacha kidonge ghafla bila kumwambia mtu, na kuacha kizuia-beta ghafla kuna hatari kuliko ndoto zenyewe. Moyo uliozoea kuzuiwa hupokea msukumo wa adrenalini kwa nguvu kuliko kawaida pale kizuizi kinapoondoka, hivyo mapigo huenda mbio, presha hupanda, na kwa mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo yanaweza kufuata maumivu makali ya kifua au hata mshtuko wa moyo. Ndiyo maana dozi hupunguzwa hatua kwa hatua, kwa kawaida kwa wiki moja hadi mbili, chini ya uangalizi wa daktari.

Dawa inavyofika kwenye usingizi

Kuna njia mbili, na kuzitenganisha ndiko kunakomsaidia mtu kuchagua.

Njia ya kwanza ni ya dawa kuingia ubongoni. Propranololi huyeyuka kwenye mafuta, na kitu kinachoyeyuka kwenye mafuta hupenya kwa urahisi ule ukuta wa mishipa midogo unaochuja kinachotoka kwenye damu kwenda kwenye ubongo. Ikishaingia, huzuia vipokezi vya beta vilivyomo humo, yaani sehemu za seli zinazopokea amri ya adrenalini na jamaa zake, na kuvuruga mpangilio wa usingizi, hasa ile hatua ambayo ndoto nyingi huotwa. Mtu huamka mara nyingi zaidi, na anayeamka katikati ya ndoto ndiye anayeikumbuka. Metoprololi nayo huyeyuka kwenye mafuta, ingawa kwa kiwango kidogo kuliko propranololi. Atenololi huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo ni kidogo sana kinachopenya, na bisoprololi iko katikati.

Njia ya pili hupita kwenye homoni ya melatonini, ambayo tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo huitoa giza linapoingia ili kuuambia mwili kwamba ni usiku. Tezi hiyo huamrishwa na noradrenalini, jamaa ya adrenalini, kupitia vipokezi vya beta, na vikizuiwa, melatonini hupungua. Hapa atenololi haina nafuu kubwa, kwa sababu nayo hupunguza melatonini. Kwa hiyo mtu anaweza kuhamia atenololi, ndoto za kutisha zikapungua, lakini akaendelea kulala kwa saa chache kuliko zamani, kisha akalalamika kwamba dawa mpya haikusaidia, wakati imesaidia upande mmoja tu.

Kutokana na hayo, swali la kwanza ninalopenda liulizwe ni kama mgonjwa anasumbuliwa na ndoto zenyewe au na usingizi mfupi na kuamkaamka, hata kama haoti kitu. Wengi hutaja vyote kwa neno moja, «silali». Kuyeyuka kwenye mafuta au kwenye maji ni kigezo kizuri cha kuanzia, ingawa si sheria, kwa kuwa wapo wanaoota hata wakitumia atenololi, na wapo wengi wanaotumia propranololi miaka na miaka wakilala vizuri. Mapitio ya majaribio mengi yaliyochapishwa mwaka 2021 hayakuona kwamba vizuia-beta husababisha sonona kama ilivyokuwa ikihofiwa kwa muda mrefu, lakini yaliona kwamba ndoto zisizo za kawaida na kukosa usingizi vinaweza kuhusiana nazo.

Kabla ya kulaumu kidonge

Kabla ya kubadili chochote, tarehe zipangwe. Ndoto zilianza lini, na dawa ilianzishwa au kuongezwa dozi lini? Ikiwa ndoto zilikuwapo miezi kabla ya kidonge, kidonge hakihusiki, au kinahusika kidogo. Ziangaliwe pia dawa nyingine: efavirenzi, ambayo wengi waliitumia kwa VVU kabla ya dolutegraviri kushika nafasi yake, inajulikana kwa ndoto kali, na dolutegraviri yenyewe huwanyima baadhi ya watu usingizi. Prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe na mzio, ikimezwa jioni hufanya hivyo hivyo. Kidonge cha kukojoza kinachomezwa usiku humwamsha mtu mara tatu nne kwenda msalani, na kila anapoamka anakumbuka ndoto.

Jambo moja halitaki kusubiri. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi, akaanza kuota ndoto za kutisha na kuamka amelowa jasho, apimwe sukari wakati huohuo wa usiku, kwa sababu sukari inayoshuka usiku huleta hali hiyohiyo. Vizuia-beta, hasa propranololi, huficha dalili ambazo wagonjwa hutegemea, yaani moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka. Jasho ndilo hubaki. Kwa mgonjwa huyo, kusogeza saa ya kidonge bila kupima sukari ni kuiacha hatari yenyewe mahali pake.

Mfano mmoja kwa undani

Tuchukue mfano wa mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka 46, anayeishi upande wa Hombolo. Ameandikiwa propranololi kwa kuzuia kipandauso, miligramu 40 mara mbili kwa siku, na kichwa kimetulia. Wiki ya pili baada ya dozi kuongezwa kutoka miligramu 20 hadi 40, zilianza ndoto za misiba na za kukimbizwa. Anamwambia daktari, «Shikamoo daktari. Kichwa hakiniumi tena, nashukuru, lakini sasa naogopa kulala.» Daktari anamuuliza, «Marahaba, mwalimu. Hicho kidonge cha pili unakimeza saa ngapi?» Naye anajibu kwamba ni saa 3 usiku, akishamaliza kula ugali, ndipo anapokumbuka.

Jibu hilo lina mengi ndani yake. Propranololi ya kawaida hufikia kilele kwenye damu kati ya saa 1 na saa 4 baada ya kumezwa, na ikimezwa pamoja na chakula, sehemu kubwa zaidi huepuka kuvunjwa na ini na kuingia kwenye mzunguko wa damu. Kwa maneno mengine, mwalimu huyu amepanga kilele cha dawa kiangukie kati ya saa 4 usiku na saa 7 usiku, baada ya mlo wake mkubwa wa siku. Hana kisukari, haamki amelowa jasho, hatumii dawa nyingine, na mumewe anasema hakoromi. Tarehe za ndoto zinafuata tarehe ya dozi kuongezwa. Kidonge kina sababu ya kushukiwa.

Kidonge cha usiku dhidi ya kidonge cha saa 10 jioni

Hatua ya kwanza ya kumsaidia haihitaji dawa mpya wala safari ya kwenda mjini. Kidonge cha kwanza kinabaki saa 1 asubuhi na cha pili kinasogezwa kutoka saa 3 usiku hadi saa 10 jioni. Kiasi cha propranololi kwenye damu hupungua hadi nusu kila baada ya saa 3 hadi 6. Kwa hiyo kuiwahisha kwa saa 5 kunamaanisha kwamba saa 8 usiku atakuwa amebakiwa na takribani nusu ya dawa ambayo angekuwa nayo kwa mpango wa zamani. Kusogeza kwa saa 1 tu, kutoka saa 3 hadi saa 2, hakubadilishi mengi, na wanaosema «nimejaribu kuwahi, haikusaidia» mara nyingi wamewahi kwa kiasi hicho.

Faida ya njia hii ni kwamba kinga ya kipandauso haipotei, kwa sababu kiasi cha dawa kwa siku ni kilekile na kazi yake ya kuzuia vipokezi hudumu zaidi ya muda ambao dawa inaonekana kwenye damu. Upungufu wake ni pengo la saa 15 kuanzia jioni hadi asubuhi. Kwa mwenye kipandauso pengo hilo huvumilika. Kwa mwenye maumivu ya kifua yanayotokana na mishipa ya moyo haliwezi kuchukuliwa hivi hivi, kwa kuwa saa za asubuhi ndizo ambazo mshtuko wa moyo hutokea zaidi, na huyo asisogeze saa bila daktari wake kukubali. Hali ni hiyohiyo kwa anayetumia propranololi kutuliza moyo kwa sababu ya tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi, ambaye huhitaji dozi za mara kwa mara mchana na usiku.

Pengine msomaji atauliza mbona wengine waliambiwa wameze dawa ya presha usiku. Sababu zipo: kizunguzungu na uchovu wa dozi za mwanzo huvumilika zaidi mtu akiwa amelala, na kwa miaka kadhaa ilidhaniwa kwamba dawa ya presha ya usiku hulinda moyo zaidi. Jaribio kubwa la Uingereza lililoitwa TIME, lenye washiriki 21,104 na matokeo yake kutangazwa mwaka 2022, liliwalinganisha waliomeza dawa zao za presha asubuhi na waliomeza jioni, wala halikuona tofauti katika mshtuko wa moyo, kiharusi au vifo vya mishipa. Kwa hiyo mwenye presha peke yake anaweza kuchagua saa inayompa usingizi na ambayo hatasahau. Kwa mwenye ndoto nzito, kidonge cha mara moja kwa siku kinafaa zaidi asubuhi. Kapsuli za propranololi zinazotoa dawa polepole hazinufaiki sana na mpango huu, maana dawa inaendelea kutoka usiku kucha hata ikimezwa alfajiri.

Mpango mpya wa saa upewe wiki moja hadi mbili. Nashauri mgonjwa aandike kwenye daftari la kliniki mambo matatu tu kila asubuhi: alilala saa ngapi, aliamka mara ngapi, na kama aliota ndoto iliyomsumbua. Bila maandishi, usiku mmoja mbaya hufunika sita mizuri.

Propranololi ya mapema dhidi ya atenololi ya asubuhi

Tuseme wiki mbili zimepita na ndoto za mwalimu zimepungua lakini hazijakwisha. Sasa ulinganisho ni kati ya kuvumilia na kubadili dawa.

| Dawa | Inavyoingia ubongoni | Inakotolewa zaidi | Angalizo kubwa |
|---|---|---|---|
| Propranololi | Kwa wingi | Ini | Haifai kabisa kwa mwenye pumu |
| Atenololi | Kidogo sana | Figo | Dozi ipunguzwe figo zikiwa dhaifu. Iepukwe katika ujauzito |
| Bisoprololi | Kiasi | Ini na figo, karibu nusu kwa nusu | Haipatikani kila duka |

Atenololi miligramu 50 mara moja asubuhi iko karibu na propranololi miligramu 80 kwa siku kwa nguvu ya kupunguza mapigo, na imetumika pia kuzuia kipandauso, ingawa ushahidi wa propranololi na metoprololi kwa kazi hiyo ni mwingi zaidi. Kwa dozi hizi za chini, daktari kwa kawaida hubadili moja kwa moja: kidonge cha mwisho cha propranololi humezwa leo jioni, na atenololi huanza kesho asubuhi, bila siku ya katikati isiyo na dawa. Mgonjwa ahesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima kabla ya kumeza, na yakiwa chini ya 50, au kukiwa na kizunguzungu au kuzirai, asimeze kabla ya kuwasiliana na kituo cha afya.

Mambo mawili yaulizwe kabla ya kuandika atenololi. La kwanza ni figo. Atenololi hutoka mwilini kwa njia ya mkojo, na mtu ambaye figo zake zimechoka kwa presha au kisukari cha muda mrefu, jambo ambalo huenda hajui, hubaki nayo siku hadi siku hadi mapigo yanashuka mno. Kipimo cha damu cha kreatinini, kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, ni cha kawaida na kifanywe kwanza. La pili ni ujauzito, kwa kuwa atenololi imehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Mwanamke ambaye bado anaweza kushika mimba aseme wazi, naye daktari aulize wazi. Kuhusu pumu, ingawa atenololi na bisoprololi hulenga moyo zaidi ya mapafu, tofauti hiyo hufifia dozi inapopanda, kwa hiyo haziwi salama kwa mwenye pumu kwa sababu tu si propranololi.

Propranololi huwa imetoka karibu yote mwilini ndani ya siku moja hadi moja na nusu, kwa hiyo ikiwa ndiyo iliyoleta ndoto, tofauti huanza kuonekana wiki ileile. Zikiendelea vilevile baada ya wiki mbili za atenololi, ni vyema kurudi nyuma na kutafuta sababu nyingine badala ya kuendelea kubadili vidonge.

Na kama kilichobaki ni usingizi mfupi usio na ndoto? Jaribio dogo la mwaka 2012, lenye wagonjwa 16 wa presha waliokuwa wakitumia atenololi au metoprololi, lilionyesha kwamba melatonini miligramu 2.5 kila usiku kwa wiki 3 iliongeza usingizi kwa wastani wa dakika 36. Ni jaribio la watu wachache, na melatonini si dawa utakayoikuta kwa urahisi madukani huku kwetu, lakini linaonyesha kwamba ile njia ya pili ni ya kweli na kwamba dawa za usingizi zenye kulevya si jibu la kwanza.

Kuondoka kwenye kundi zima

Kwa mwenye presha pekee, asiye na ugonjwa wa moyo, njia hii ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu kizuia-beta si chaguo la kwanza kwake. Amlodipini, losatani au kidonge cha kukojoza cha asubuhi hufanya kazi hiyo bila kugusa melatonini. Amlodipini inaweza kuvimbisha miguu, na losatani haitumiki katika ujauzito. Kizuia-beta kipunguzwe polepole wakati dawa mpya inaanza.

Kwa mwenye kipandauso kama mwalimu wetu, mbadala unaopatikana kwa urahisi ni amitriptilini, miligramu 10 hadi 25 jioni. Hiyo huleta usingizi, jambo linaloonekana kuwa ni faida mara mbili, lakini humwacha mtu na kinywa kikavu na uzito asubuhi, na baadhi ya watu huota sana wakiitumia pia. Mimi ningeiweka baada ya atenololi kwa mtu anayeingia darasani saa 2 asubuhi, na ningeiweka mbele ya atenololi kwa mwenye pumu.

Pale ambapo kubadili si rahisi

Kuna wagonjwa watatu ambao majadiliano yao ni tofauti. Mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri, ambao watu huita moyo kutanuka, anatumia kizuia-beta kwa sababu kinarefusha maisha, na vilivyothibitishwa kwa kazi hiyo ni vichache: bisoprololi, karvediloli, na metoprololi ya kutoa dawa polepole. Atenololi haimo, hivyo asihamishiwe huko kwa sababu ya ndoto. Akiwa anaota kwa metoprololi, mazungumzo ni ya kuhamia bisoprololi inayomezwa asubuhi, au karvediloli, ambayo ingawa huyeyuka kwenye mafuta haikuonekana kupunguza melatonini.

Wa pili ni mwenye mishipa iliyovimba kwenye koo la chakula kutokana na ini kuharibika, kwa mfano kwa kichocho cha muda mrefu au homa ya ini. Propranololi humlinda asitapike damu kwa sababu inazuia aina zote mbili za vipokezi vya beta. Atenololi na bisoprololi huzuia hasa aina moja, kwa hiyo haziwezi kushika nafasi yake. Karvediloli ndiyo inayojadiliwa, na hilo ni la daktari bingwa, kwa huku kwetu katika hospitali kama Benjamin Mkapa. Wa tatu ni mwenye tezi ya shingo, ambaye kwa kawaida anahitaji propranololi kwa muda tu mpaka dawa ya tezi ishike, na mara nyingi inatosha kumweleza kwamba ndoto zina mwisho, kisha kupanga dozi ya mwisho iwe ndogo kuliko ile ya asubuhi pale mapigo yanaporuhusu.

Yeyote kati ya hao anayesafiri kwenda kijijini abebe vidonge vya siku zote za safari na ziada ya wiki moja, kwa sababu duka la karibu huenda lisiwe na dawa yake, na siku tatu bila kizuia-beta ni kuacha ghafla hata kama hakukusudia.